Mfumo wa Mishahara wa Phoenix nchini Kanada: Uchambuzi wa Vyanzo vya Kufeli na Mapendekezo kwa Kamati ya Uongozi wa Mradi

Kwa nini Phoenix

Kamati iliomba mfano mmoja wa mradi wa programu wa serikali uliofeli, uchambuliwe kabla ya kuidhinisha tarehe ya kuwasha mfumo wetu mpya wa mishahara. Nimechagua Phoenix wa serikali kuu ya Kanada kwa sababu mbili. Kwanza, ni mradi wa mishahara kama wetu. Pili, Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo iliuchunguza mara mbili, mwaka 2017 na mwaka 2018, na nyaraka zake zinaonyesha wazi nani aliamua nini, na lini.

Hoja yangu ni moja. Phoenix haukuangushwa na waandishi wa programu. Uliangushwa na maamuzi ya uongozi yaliyofanywa miaka minne kabla ya mtu yeyote kukosa mshahara, na hapakuwa na mtu huru mwenye mamlaka ya kuyapinga.

Kilichotokea

Mwaka 2009 serikali ya Kanada iliidhinisha mpango wa kubadilisha usimamizi wa mishahara, kwa sababu mfumo uliokuwapo ulikuwa na umri wa takriban miaka 40. Bajeti ya mpango mzima ilikuwa dola za Kanada milioni 310, na kati ya hizo milioni 155 zilitengwa kwa kujenga na kusimika Phoenix wenyewe. Serikali ilitarajia kuokoa dola milioni 70 kila mwaka baada ya hapo. Mwaka 2011 kampuni ya IBM ilipewa kazi ya kurekebisha PeopleSoft, programu ya mishahara inayouzwa na Oracle, ili ikidhi mahitaji ya serikali. Sambamba na hilo, kazi ya mishahara ya wizara na taasisi 46 ilihamishiwa kwenye kituo kimoja katika mji wa Miramichi, jimbo la New Brunswick.

Mfumo uliwashwa kwa awamu mbili, Februari na Aprili 2016, ukahudumia wafanyakazi wapatao 290,000 katika wizara na taasisi 101. Ndani ya miezi michache maombi yasiyoshughulikiwa yalirundikana. Kufikia Juni 2017 wafanyakazi wapatao 150,000 walikuwa na angalau ombi moja la mishahara linalosubiri, na makosa ya malipo ambayo hayajarekebishwa, kupunjwa na kuzidishiwa kwa pamoja, yalipita dola milioni 520. Mwaka 2018 kamati ya Seneti ilikadiria kwamba gharama zisizopangwa zingeweza kufikia dola bilioni 2.2 kufikia mwaka 2023. Akiba ya dola milioni 70 kwa mwaka haikupatikana.

Takwimu hizi zinaficha watu. Aliyezidishiwa naye aliumia: alipokea kiasi kilichobaki baada ya makato ya kodi, lakini makosa yakivuka mwaka alitakiwa kurudisha kiasi kamili, pamoja na kodi ambayo haijawahi kufika mkononi mwake. Sheria ililazimika kubadilishwa mwaka 2019 ili kuondoa dhuluma hiyo.

Chanzo cha kwanza: bajeti iligeuzwa kuwa ukuta, na upeo ukakatwa ili utoshee

Hapa ndipo penye uzito, na naomba wajumbe wapasome polepole.

Mwaka 2012, baada ya kupitia mahitaji, IBM iliwaambia watendaji wa mradi kwamba kujenga na kusimika Phoenix kungegharimu dola milioni 274. Bajeti ilikuwa milioni 155. Kiongozi yeyote akiona pengo kama hilo ana njia tatu za kweli: kuomba fedha zaidi, kuongeza muda, au kusimamisha mradi. Watendaji wa Phoenix hawakurudi serikalini kuomba nyongeza. Walikubaliana na mkandarasi kupunguza kazi. Kati ya shughuli 984 za mishahara ambazo mfumo ulipaswa kuzifanya, zaidi ya 100 ziliondolewa au kuahirishwa. Muda wa kusimika ulibanwa, na idadi ya watu wa kufanya kazi hiyo ikapunguzwa.

Tuangalie shughuli moja iliyoondolewa: kukokotoa malimbikizo. Chukua afisa aliyekaimu nafasi ya juu kwa wiki tatu. Mwaka mmoja baadaye chama cha wafanyakazi kinasaini mkataba wa hali bora unaopandisha mishahara kuanzia tarehe iliyopita. Mfumo unapaswa kurudi nyuma, kutafuta zile wiki tatu, kutumia kiwango kipya cha ile nafasi aliyoikaimu na wala si cha nafasi yake ya kawaida, kisha kusahihisha saa za ziada, pensheni na kodi. Katika serikali yenye mikataba zaidi ya 100 na kanuni za malipo zaidi ya 80,000, jambo hili si la nadra, hutokea kila siku. Shughuli hiyo ilipoondolewa kwenye programu, kazi yenyewe haikuondoka. Ilihamia mezani kwa afisa mishahara, akaikokotoa kwa mkono.

Chanzo cha pili: akiba ilichukuliwa kabla mfumo haujafanya kazi

Katika zile wizara na taasisi 46, nafasi 1,200 za maafisa mishahara zilifutwa. Badala yake Miramichi iliajiri maafisa 460 na wasaidizi 90, wengi wao wapya katika kazi hiyo. Hesabu hiyo ingekuwa na mantiki kama Phoenix ungefanya kila ulichoahidiwa. Lakini watendaji wale wale walikuwa wameshaondoa shughuli zilizopaswa kumpunguzia afisa mzigo. Mfumo uliongeza kazi ya mkono siku ile ile ambayo mikono ilipungua.

Pia kuna utaalamu ambao hauandikwi popote. Afisa wa zamani alijua kwamba wizara fulani huchelewesha fomu za kukaimu, hivyo alirekebisha mwenyewe kabla ya siku ya mshahara. Phoenix ulitegemea taarifa ziingizwe kwa wakati. Zikichelewa, malipo yalitoka kasoro. Waliokuwa wakiziba pengo hilo kimyakimya walikuwa wameshaondoka.

Chanzo cha tatu: majaribio yalifanywa vipande vipande

Phoenix haukuwahi kujaribiwa wote kwa pamoja, kuanzia taarifa inapoingizwa hadi mshahara unapotoka, kabla ya kuwashwa. Mwaka 2015 ulipangwa mradi wa majaribio katika wizara moja, ulifutwa. Haukuwepo mpango wa kurudi kwenye mfumo wa zamani endapo mambo yangeharibika. Uliowashwa Februari 2016 ulikuwa mfumo ambao hakuna aliyeuona ukilipa wizara moja nzima kwa usahihi.

Chanzo cha nne, ambacho ndicho mzizi: waliosimamia mradi ndio waliotoa habari zake

Vyanzo vitatu vya kwanza vinaeleza jinsi mradi ulivyoharibika. Hiki kinaeleza kwa nini hakuna aliyeuzuia.

Katika utaratibu wa Kanada, naibu waziri ndiye mtendaji mkuu wa wizara, sawa na katibu mkuu kwingineko. Naibu waziri wa wizara iliyomiliki Phoenix hakuwa na chanzo huru cha taarifa kuhusu mradi. Kila alichokijua kilitoka kwa watendaji wa Phoenix, na watendaji hao, kwa mujibu wa Mkaguzi Mkuu, waliweka bajeti na tarehe mbele ya ubora wa mfumo. Mwanzoni mwa 2016 baadhi ya wizara zilieleza wasiwasi mzito kuhusu makosa yaliyoonekana kwenye majaribio. Wasiwasi huo haukumfikia mkuu wa wizara kwa uzito wake. Aliambiwa mambo ni shwari. Uamuzi wa kuwasha haukuandikwa hata kwenye waraka unaoeleza sababu zake.

Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Michael Ferguson, alisema huku ni kufeli kusikoeleweka. Naheshimu kazi yake, lakini naona kunaeleweka vizuri mno. Mtu anayepimwa kwa kufikisha mradi kwa tarehe na bajeti, ambaye pia ndiye anayeandika ripoti ya hali ya mradi, ataandika kwamba mradi uko sawa. Hahitaji kuwa mwongo. Anahitaji tu kuwa na matumaini na kukosa wa kumpinga.

Onyo lilikuwepo pia nje ya Kanada. Machi 2010 idara ya afya ya jimbo la Queensland, Australia, iliwasha mfumo wake wa mishahara, mkandarasi akiwa IBM vilevile, na wauguzi wakalipwa vibaya au kukosa mishahara. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti mwaka 2013, na gharama zilikadiriwa kufikia dola za Australia bilioni 1.2. Phoenix ulikuwa bado na miaka mitatu ya kujirekebisha.

Kuhusu mkandarasi nitasema kidogo. IBM ilitoa makadirio ya kweli mwaka 2012, kisha ikakubali kujenga pungufu. Mkataba uliruhusu hivyo. Anayelipa ndiye aliyepaswa kujua anachoacha kununua.

Mapendekezo

Mpimaji huru aajiriwe na aripoti kwa mwenyekiti wa kamati hii moja kwa moja. Ripoti zake zisipitie kwa meneja wa mradi hata kwa ajili ya kusahihisha lugha. Hili ndilo pendekezo zito kuliko yote. Likikataliwa, mengine yatabaki karatasi.

Kila shughuli inayoondolewa kwenye upeo iletwe hapa ikiwa na jibu la swali moja: nani ataifanya kwa mkono, na kwa saa ngapi kwa mwezi? Kwa mradi wetu, shughuli tano zimeshaahirishwa tangu mwaka jana, mojawapo ikiwa posho ya kukaimu. Naomba jibu lake liletwe kabla ya kikao kijacho.

Maafisa mishahara wasiondolewe wala kuhamishwa hadi mfumo mpya ulipe kwa usahihi kwa mizunguko sita mfululizo. Akiba iliyoandikwa kwenye bajeti ya mwaka huu ifutwe sasa, kwa sababu ikibaki itakuwa shinikizo la kuwasha mapema.

Mifumo miwili iendeshwe sambamba kwa miezi mitatu, na hati za mishahara zilinganishwe mtu kwa mtu. Jumla zikilingana haitoshi: aliyepunjwa na aliyezidishiwa hufutana kwenye jumla. Wakuu wa idara zinazotumia mfumo wasaini kila mmoja kwa niaba ya idara yake, wakiwa na haki ya kukataa kwa maandishi.

Gharama ya mwendo sambamba itaongeza bajeti, na tarehe ya kuwasha itasogea kwa angalau robo mwaka. Naomba kamati iamue mambo hayo mawili katika kikao hiki, na sababu za uamuzi, wowote utakaokuwa, ziandikwe kwenye muhtasari.