Taarifa ya bei mpya ya vitumbua kuanzia tarehe 1 Oktoba

Wateja wangu wapendwa wa Ngamiani, Chumbageni na Raskazone,

Asalaam aleikum na habari za kazi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, kitumbua nitawauzia shilingi 250 badala ya 200. Leo ni tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mwezi huu wote bei ni ileile ya zamani.

Bei ya 200 nimeishikilia kwa miaka miwili. Kilichonishinda ni nazi. Natumia nazi 30 kwa siku. Nilikuwa nanunua moja kwa 700, sasa nanunua 1,200. Mwenye shamba anayeniletea kutoka Pangani anasema wanunuzi wa madafu wanamaliza minazi kabla nazi haijakomaa. Hapo tu nimeongeza shilingi 15,000 kila siku. Dumu la mafuta la lita 20 nalo limetoka 84,000 hadi 96,000, na nauli ya boda imepanda.

Mwezi wa saba nilijaribu kupunguza tui na kuongeza maji. Nilipopasua kitumbua cha kwanza ndani kilikuwa kikavu, hakina yale matundu, na harufu ya hiliki ilikuwa peke yake. Karai lile sikumletea mtu. Kupunguza ukubwa pia sikutaka, maana mteja wa kibandani anakiona kitumbua kabla hajakionja, na lawama zinawaangukia ninyi.

Kwa hiyo ukubwa ni uleule, tui ni la nazi ya kukuna, mchele unalowekwa usiku na kusagwa alfajiri. Mzigo utafika kabla ya saa 12 na nusu asubuhi kama kawaida, na kuletewa ni bure. Kilichovunjika njiani nakirudishia kesho yake. Hesabu tunafunga Jumamosi, na mwenye daftari daftari lake linaendelea.

Najua wenye vibanda mnauza 300, na faida yenu inatoka 100 kwenda 50. Hilo limenisumbua kuliko yote. Anayechukua vitumbua 100 au zaidi kwa siku nitamuuzia 230. Wawili wenye vibanda jirani wakitaka kuunganisha oda ili wafike 100, naruhusu, mradi nishushe mzigo mahali pamoja.

Oda za shughuli, iwe arusi, maulidi au hitima, zilizolipiwa kabla ya tarehe 1 Oktoba zitabaki 200 hata kama shughuli ni Novemba.

Anayetaka kupunguza idadi au kusimama kwa muda aniambie kabla ya tarehe 25 Septemba, nijue mchele wa kuloweka. Nipigieni kwa namba ileile, baada ya saa 4 asubuhi nikishatoka jikoni, au mwambieni kijana wa boda.

Ahsanteni sana kwa kuniungisha.

Mama Vitumbua,
Ngamiani, Tanga