Laki moja! Shukran, na sasa tunaanzia mkukuni

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zetu na wazee wetu.

Juzi usiku chaneli yetu ya uundaji wa majahazi imefika watu 100,000. Tulikuwa bado gudini, pale vinapoundwa vyombo, tunakusanya nyaya, simu ikaanza kulia mfululizo. Alhamdulillahi. Shukran zetu ni kwenu nyote: mlioko Wete, Konde, Mkoani na Unguja, walioko Tanga, Mombasa na Lamu, na jamaa zetu wa Maskati ambao wakitazama video moja huipeleka kwenye magurupu ya ukoo mzima.

Tulipoanza tuliambiwa kuwa hakuna atakayekaa kutazama fundi akichonga mbao kwa tezo. Mmekaa. Video mliyoitazama kuliko zote ni ile ya kalafati, na humo hakuna anayesema neno karibu muda wote. Fundi anasokota pamba iliyotiwa mafuta, anaipachika kwenye mwanya baina ya mbao mbili, anaipiga kwa patasi na nyundo. Mwanzo mlio ni mzito, kisha unakuwa mkavu, naye anasogea mbele bila kuinama kuangalia. Sikio limeshamwambia kwamba pamba imeshiba. Nyinyi mliusikia mlio huo ukibadilika, mkatuandikia kwa wingi: toeni muziki, tuachieni nyundo. Tumekubali. Kuanzia sasa video za gudini hazitawekwa muziki hata mmoja.

Na sasa habari yenyewe. Kazi kubwa inayofuata ni kufuata jahazi moja tangu linapolazwa mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, mpaka siku ya kulishua majini. Hatutaki tena vipande vya hapa na pale. Tutaanza na mkuku, zije fashini, miti ya kusimama ya omo mbele na tezi nyuma, zipande mbao, yaingie mataruma, yaani mbavu za chombo. Hapo kwenye mataruma tutakaa sana, kwa sababu ndipo ujuzi ulipo. Fundi hakati taruma kwenye mbao iliyonyooka. Anautafuta mti uliojipinda wenyewe, ili nyuzi za mti zifuate pindo la chombo na zisikatike katikati. Mafundi wengi hawana mchoro wala karatasi, kipimo ni jicho na kamba. Mzee anasimama mbali kidogo, anafumba jicho moja, anamwambia kijana: punguza hapo, kidole. Tunataka mwone kidole hicho kikipunguzwa.

Kazi hii haina haraka, na wala sisi hatutaiharakisha. Mvua za masika zikishika, gudi husimama. Mbao zikichelewa, tunangoja. Kwa hiyo video zitapungua idadi na zitakuwa ndefu. Tunajua wengine mmezoea video kila wiki, mtuvumilie. Siku ya kushua ndiyo kabisa hatuipangi sisi: chombo kizito kinataka maji makubwa, na bamvua huja na mwezi mpya au mwezi mpevu. Siku hiyo, inshaallah, tutakuwa mbashara, kamba zikivutwa na watu wakiitikia.

Bamvua hiyohiyo maji yakikauka ndiyo siku ya kina mama wa mwani, nao mmewaomba muda mrefu. Tumeshazungumza nao na wamekubali kwa sharti: tusiwacheleweshe, maana maji yakirudi hayamngoji mtu. Kwa hiyo tutapiga picha wakiwa kazini, wanafunga mbegu kwenye kamba na kukaza vigingi mchangani, mazungumzo tutayaacha mpaka wapande pwani. Mtasikia kutoka kwao wenyewe vipi maji ya moto yanavyouua ule mwani wenye bei nzuri, wakabakia na ule wa bei ndogo.

Jengine ni la fedha, na mna haki ya kulijua kwa sababu matangazo yanalipa kwa kuwa nyinyi mnatazama. Siku yoyote ambayo kamera yetu inamsimamisha fundi, fundi na vijana wake watalipwa ujira wao wa siku. Baada ya hapo ndiyo tutanunua maikrofoni isiyoingiza upepo wa kusi, maana upepo huo umetuharibia sauti nyingi nzuri.

Tuna ombi moja. Mwenye picha ya zamani ya chombo cha babake au babu yake, iwe ya Kojani, Tumbe au popote, atutumie pamoja na jina la chombo na bandari kilizokuwa kikienda. Mwenye mzee aliyekwenda dago, kuhamia kambi za uvuvi, na bado ana nguvu ya kuzungumza, atwambie tumfuate. Wazee hawa tunawataka mwanzo, kabla hata ya mkuku.

Kipande cha kwanza kinatoka Ijumaa ijayo saa 3 usiku, baada ya Isha. Shukran sana, jamaa zetu. Tukutane gudini.