Hongera sana Dokta kwa uteuzi, kutoka kwa Sista wako wa wodi ya wazazi

Dokta, habari za majukumu. Najua simu yako tangu juzi haitulii, kila mtu anataka kukupongeza, kwa hiyo usijisumbue kunijibu leo, soma ukipata nafasi.

Hongera sana sana mwanangu. Naandika mwanangu kwa mara ya mwisho maana kuanzia sasa wewe ni Mganga Mfawidhi wetu na heshima ya kiti chako nitailinda mbele ya kila mtu, lakini furaha niliyonayo ni ya mzazi kabisa. Barua ilipotua kwenye grupu la wafanyakazi wodi nzima ilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakauliza kuna nini, na mama mmoja wa kitanda cha pembeni aliyekuwa anasubiri ruhusa naye akapiga bila hata kujua tunamshangilia nani.

Mimi nimekaa wodi hii miaka mingi, nimeona wafawidhi wakija na kuondoka, wengi wazuri, Mungu awabariki. Ila hii ni mara ya kwanza anateuliwa mtu ambaye nilimuona akiwa intani kwenye leba yetu. Sijui kama unakumbuka yule mama wa uzao wa nne aliyejifungua salama kabisa usiku wa manane, kondo likatoka, kila kitu sawa, halafu muda mfupi tu khanga zote zimelowa na presha inashuka. Bingwa alikuwa njiani, damu ilikuwa bado inatafutwa, wewe ukaweka mkono mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo ukaubana ule mfuko wa uzazi na hukuachia. Mikono ilikuwa inakutetemeka mpaka begani, jasho linakudondoka, na bado ulikuwa unaongea naye, unamuuliza mtoto atamwita nani, ili asipotelee usingizini. Yule mama alitoka hapa kwa miguu yake. Niliwaambia wenzangu asubuhi kwenye kukabidhiana zamu kwamba huyu kijana atafika mbali, na umefika.

Sasa kwa sababu ulishasimama pale, naomba nikuambie mambo ya wodi kama yalivyo. Sikufundishi kazi Dokta, wewe umesoma na ripoti zote utaletewa mezani, ila ripoti zinakuja mchana na shida za leba zinakuja usiku.

Ya kwanza na kubwa kwangu ni kutokwa damu. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, friji yake iko famasi, na usiku famasi ikifungwa tunabaki na zile chache tulizochukua jioni tukazihifadhi kwenye kiboksi cha barafu, zikiisha nesi anakimbia korido nzima kumtafuta mwenye funguo huku mwenzake amebaki peke yake na mama anayetoka damu. Friji ndogo ndani ya leba yenye kipimajoto na daftari lake ingemaliza hii mbio. Kitu kingine ni zile shiti za plastiki zenye mfuko na alama za vipimo za kukinga damu chini ya mama, zilizotumika kwenye utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, na Tanzania ilikuwemo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Walipima damu badala ya kukadiria kwa macho na wakampa mama matibabu yote kwa pamoja, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, traneksamiki asidi, dripu na kuchunguza inatokea wapi, na ule utokaji damu mkali na madhara yake yakapungua kwa asilimia 60. Sisi huku bado tunaangalia khanga na kusema "kama mililita mia tatu hivi", kumbe imeshapita 500 zamani. Hili linaniuma kwa kweli kwa sababu halihitaji jengo jipya wala mashine ya mamilioni.

Nchi imepiga hatua na sisi wa leba tunajivunia, kutoka vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 mpaka 104 kwenye ule wa 2022, lakini hao waliobaki ndio tunaowajua kwa sura, ndio tunaowaita ndugu zao pembeni kuwapa taarifa.

Halafu watu. Usiku tunakuwa wawili, leba na waliokwishajifungua, wote ni wetu. Akiingia mama wa kifafa cha mimba mmoja wetu hawezi kutoka kitandani kwake, anatoa magnesiamu, anahesabu pumzi, anaangalia mkojo na magoti, maana yake wengine wote wamebaki na mtu mmoja, na hapo patografu za watu watatu zinasubiri kujazwa. Najua ajira hazitoki mfukoni mwako Dokta. Ila ukipanga upya ile ikama mkaongeza hata mtu mmoja wa zamu ya usiku kutoka kwenye idara za mchana, tutapumua. Na posho za usiku zikitoka kwa wakati hata wale vijana wetu wa kujitolea watapata nauli, wapo wanaotembea kwa miguu alfajiri na hawasemi.

Watoto njiti nao wamezidi nafasi. Kile chumba cha kangaroo kina vitanda vichache na viti hakuna, mama anatakiwa akae na mtoto kifuani ngozi kwa ngozi saa nyingi mchana na usiku halafu amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mwenzake, mgongo unamuuma, anamrudisha mtoto kwenye blanketi. Viti vya kuegemea tu Dokta, na pazia, maana wanaona aibu.

La mwisho hili nalisema kwa heshima zote. Vile vikao vya kupitia vifo vya mama na watoto wachanga vimekuwa kama mahakama, nesi mdogo anaingia anatetemeka ameshajipanga kujitetea, na mtu anayejitetea hasemi ukweli wa saa ngapi alimpigia daktari na saa ngapi daktari alifika. Mwongozo wenyewe unasema hakuna majina wala kulaumiana. Wewe ukikaa kwenye kile kiti ukauliza "tulikosa nini" kabla ya "nani alikuwa zamu", wataongea, na tukijua kilichokosekana tutamuokoa anayefuata.

Sitegemei ufanye yote mwezi huu, na fedha zinavyokuja kila mtu anajua. Hata hilo la friji peke yake likifanyika mimi nitashukuru sana. Kwa upande wetu nakuahidi wodi hii haitakuangusha, vijana nitawasimamia, na likiharibika jambo utalisikia kwangu kabla hujalisikia mtaani.

Mungu akupe afya na hekima, na familia yako aitunze maana na wao wanaingia kwenye hii kazi pamoja na wewe. Wazazi wako wasalimie sana, waambie tumefurahi.

Wiki hii nipo zamu ya usiku mpaka Ijumaa. Ukipata nafasi pita leba bila msafara, hata saa nane usiku, chai ya tangawizi ipo kwenye chupa na mlango wa nyuma tunaufungua, utakuta tupo.

Ni mimi Sista wako,
wodi ya wazazi