Mgogoro wa nje na mgogoro wa nafsi: maelezo ya Kidato cha Nne

Nimemaliza kusahihisha insha zenu kuhusu riwaya ya Rosa Mistika. Wengi mmeandika: "Kuna mgogoro wa Rosa na baba yake. Pia kuna mgogoro wa Rosa na nafsi yake." Ni kweli, lakini huko ni kutaja tu. Nataka mwonyeshe namna mgogoro mmoja unavyouzaa mwingine.

Mgogoro wa nje humkutanisha mhusika na mtu, jamii, mamlaka au mazingira: mvuvi na dhoruba, binti na wazee waliokwisha kupokea mahari yake. Mgogoro wa nafsi unapiganwa moyoni, kati ya tamaa na hofu, au kati ya haja na dhamiri. Ukitatizika kuutambua, mwondoe mpinzani akilini mwako. Kama mhusika bado hatulii, vita viko ndani yake.

Turudi kwenye Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Zakaria anamchapa binti yake kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana aitwaye Charles. Mgogoro huo ni wa nje, hauhitaji maelezo mengi. Lakini Rosa anapokwenda shule ya bweni, baba habebi fimbo tena, na bado msichana anawaogopa wavulana. Fimbo imehamia moyoni. Hapo ndipo penye alama nyingi, na wengi wenu mmepapita mbio.

Mpango wa aya uwe hivi. Sentensi ya kwanza itoe hoja, ikitaja migogoro yote miwili na uhusiano wake. Inayofuata ilete tukio mahususi. Usisimulie riwaya nzima. Kisha eleza, kwa sentensi mbili au tatu, tukio hilo limemfanya mhusika nini kwa ndani. Maelezo hayo ndiyo uchambuzi, yapeni nafasi kubwa kuliko tukio lenyewe. Malizia kwa kuonyesha linavyogusa dhamira.

Mfano:

"Ukali wa Zakaria unageuka kuwa hofu inayomtawala Rosa hata baba asipokuwapo. Anapochapwa kwa ajili ya barua ya Charles, Rosa hapati nafasi ya kuuliza wala kuelezwa. Anajifunza kuogopa, hajifunzi kuchagua. Ndiyo maana hofu hiyo inapovunjika shuleni, hana kipimo cha ndani cha kumwongoza, naye anaangukia upande wa pili. Kwa njia hii mwandishi anaonyesha kwamba malezi ya vitisho humlinda mtoto kwa muda tu."

Tazameni: tukio limechukua sentensi moja, maelezo yamechukua mbili.

Ijumaa kila mmoja alete aya moja kuhusu Regina, mama yake Rosa, sentensi tano hadi nane. Mumewe anampiga, hilo tunalijua sote. Anza kwa kujiuliza: anapovumilia, anapambana na nini ndani yake?