Taarifa ya Kuahirishwa kwa Mafunzo ya Kilimo cha Mwani, Jambiani

Jambiani, Unguja
Jumamosi, 11 Aprili 2026

Kwa washiriki wote 64 waliojiandikisha

Yah: Kuahirishwa kwa mafunzo ya tarehe 18 na 19 Aprili, tarehe mpya za kuchagua na utaratibu wa kurudishiwa ada

Ndugu Mshiriki,

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kwako na kwa wenzako.

Kwa masikitiko tunakujulisha kwamba mafunzo ya siku mbili ya kilimo cha mwani na utengenezaji wa bidhaa zake, yaliyopangwa kufanyika hapa Jambiani Jumamosi na Jumapili ijayo, yameahirishwa. Tafadhali usisafiri. Ikiwa umekata tiketi ya boti, nenda ofisi ya tiketi mapema iwezekanavyo ukaombe kubadilishiwa siku, kwa sababu ombi linalopelekwa kabla ya siku ya safari husikilizwa kwa wepesi zaidi kuliko linalopelekwa baada ya boti kuondoka.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 10 Aprili, mvua ya masika iliyoambatana na upepo iliezua mabati ya banda letu la kukaushia na kuingiza maji katika chumba cha kutengenezea sabuni. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Bati tungeweza kulirudisha kwa siku tatu. Kilichotufanya tuahirishe ni kwamba shimo la choo lilijaa na kufurika hadi karibu na kisima tunachokitumia kwa kupikia na kunywa, na hatuko tayari kuwakaribisha watu 64, wengine wakiwa na watoto wachanga, mahali ambapo maji yake hatuyaamini. Kisima kitasafishwa na maji yake kupimwa kabla ya mgeni yeyote kupokelewa.

Baadhi yenu mmeshatupigia simu kuuliza kwa nini tusihamie katika ukumbi mjini. Tulilifikiria jambo hilo na tukalikataa, kwa kuwa mtu hafundishwi mwani akiwa amekaa kwenye kiti. Kufunga mbegu kwa tai-tai, kupima nafasi kati ya kamba na kamba, kuutambua mwani ulioanza kuugua kwa kuushika, hayo hujifunzwa ukiwa umesimama majini. Wengi wenu, hasa kina mama mnaotoka Pemba, Tanga, Mafia na Kwale, mmejiandikisha kwa sababu ya somo la kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu lakini hufa maji ya ufukweni yanapopata joto, na kwa hiyo yatupasa tuwaonyeshe shambani jinsi ya kuipeleka kwenye maji ya kina.

Kwa sababu hiyohiyo tarehe mpya hazikuchaguliwa kwa kufuata kalenda ya ofisi. Tunahitaji maji ya bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo hapa kwetu maji hutoka sana wakati wa asubuhi na shamba lote likawa wazi. Bamvua la mwisho wa Mei tumeliacha kwa kuwa linaangukia karibu mno na Idi ya Kuchinja, na hatutaki mtu aikatishe sikukuu na familia yake kwa ajili yetu. Zimebaki nafasi tatu.

Ya kwanza ni Jumamosi na Jumapili, tarehe 13 na 14 Juni. Inawafaa walioajiriwa na walimu, ila bamvua litakuwa ndiyo kwanza linaingia na maji yatatoka mapema, hivyo itatubidi tuwe tumefika shambani kabla ya saa tatu asubuhi. Ya pili ni Jumanne na Jumatano, tarehe 30 Juni na 1 Julai, ambapo mwezi utakuwa mpevu na tutapata muda mrefu wa kufanya kazi kuanzia kama saa tatu na nusu. Kwa upande wa bahari hii ndiyo tunayoipendelea, lakini tunajua kwamba siku za kazi si rahisi kwa kila mtu. Ya tatu ni Jumamosi na Jumapili, tarehe 29 na 30 Agosti, kwa wanaohitaji muda zaidi wa kujipanga upya na nauli.

Tunaomba ujibu ujumbe huu kwa namba ileile uliyoupokelea, ukiandika namba yako ya usajili pamoja na tarehe zote unazoziweza, hata zikiwa mbili au tatu, ifikapo Ijumaa, tarehe 8 Mei. Mafunzo yatafanyika mara moja tu, katika tarehe itakayowafaa wengi, nasi tutaitangaza Jumanne, tarehe 12 Mei. Nafasi yako inabaki kuwa yako na hutaongezewa ada. Ukitaka kumpa mwenzako nafasi hiyo, tuandikie jina lake nasi tutabadilisha.

Kuhusu fedha, ada ya shilingi 90,000 uliyolipa itarudishwa yote ukiihitaji, bila kukatwa chochote, na makato ya kutuma tutayabeba sisi. Hulazimiki kueleza sababu. Unaweza kuomba sasa hivi, au kusubiri mpaka tarehe itangazwe na kuomba kabla ya kwisha kwa Ijumaa, tarehe 22 Mei. Malipo yataanza kutoka Jumatatu, tarehe 20 Aprili, na kila ombi litalipwa ndani ya siku kumi za kazi tangu tulipolipokea. Baada ya tarehe 22 Mei tutakuwa tumenunua vyakula, mafuta ya sabuni na kamba, na hapo tutaweza kurudisha nusu tu. Hata hivyo, mshiriki ambaye hatatujibu kabisa hadi tarehe hiyo hatutaichukulia kimya yake kuwa ridhaa: atarudishiwa ada yake yote.

Fedha zitarudi kwa njia zilikotoka. Aliyelipa kwa simu atarudishiwa kwenye namba iliyolipa, aliyelipa benki atarudishiwa kwenye akaunti yake, na waliolipa kwa M-Pesa kutoka Kenya watapokea kwa shilingi za Kenya kiasi kilekile walichotuma. Vikundi vilivyolipia wanachama kwa pamoja vitarudishiwa katika akaunti ya kikundi, si kwa kiongozi binafsi, na tunaomba viongozi wasione kwamba tunawatilia shaka. Tumeona vikundi vizuri vikivunjika kwa mambo kama haya. Hakuna yeyote kutoka kwetu atakayekuuliza namba yako ya siri au kukutaka utume fedha kwanza ndipo urudishiwe. Ukipata simu ya namna hiyo, ikate na utujulishe.

Nyumba ya wageni tuliyowawekea nafasi imekubali kuhamishia malipo ya awali kwenye tarehe mpya, au kuyarudisha kupitia kwetu. Kwa tiketi za boti hatuna uwezo wa kufidia gharama yote, lakini kamati imetenga fedha kidogo ili mshiriki aliyenyimwa mabadiliko ya tiketi apate hadi shilingi 35,000 akituonyesha tiketi hiyo. Tutaanza na wanaotoka mbali zaidi.

Tunaelewa kwamba wapo waliouza mwani wao kwa haraka ili wapate ada, na wapo walioomba ruhusa kazini kwa shida. Kwa usumbufu huo tunawaomba radhi kwa dhati.

Wako katika kazi,

Mratibu wa Mafunzo
Kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi