Barua ya shukrani kwa mwenye duka

Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe
Unguja

Bi Mkubwa, shikamoo.

Assalaam alaykum. Natumai wewe na wa nyumbani hamjambo.

Nakuandikia kukushukuru kwa kunipunguzia kodi ya duka, kutoka shilingi 400,000 hadi 250,000 kwa mwezi, Aprili hadi Juni. Masika unayajua: hoteli nyingine hufunga kabisa, wageni wanaobaki hupita mbio wakikimbia mvua, na vikoi na mikoba ya ukili hukaa ikinywa unyevu tu. Mwezi wa Aprili zipo siku nilizofunga duka bila kuuza hata kitambaa. Nilikuja kwako kuomba muda wa kulipa, basi. Kupunguziwa sikuthubutu kuomba. Wewe ndiye uliyelitamka, tena mbele ya mwanao, ili baadaye pasiwe na maneno.

Kwa nafuu ile sikumwachisha kazi binti anayenisaidia, na wasusi wangu wa Makunduchi wamelipwa chao chote. (Wanakusalimu sana, na mkeka wako wanausuka, usinikatalie.)

Kodi ya Juni nimemkabidhi mwanao pamoja na barua hii. Kuanzia Julai, inshaallah, nitalipa 400,000 kama mkataba unavyosema. Wageni wameanza kurudi, na oda moja ya hoteli ya Nungwi nimeshaipata.

Lile bati linalovuja nyuma nimelitengeneza mwenyewe, usinirejeshee kitu.

Mwenyezi Mungu akulipe kheri.

Mwanao,
mpangaji wa duka la vikoi