Waraka wa Ndani: Likizo yenye Malipo kwa Maumivu Makali ya Hedhi na Endometriosisi

KWA: Mkurugenzi Mtendaji na wajumbe wa Menejimenti
KUTOKA: Kamati ya Afya na Usalama Kazini, kwa kushirikiana na Ofisi ya Rasilimali Watu
NAKALA: Wakuu wa vitengo vya Ufungashaji, Huduma kwa Wateja na Utawala, wawakilishi wa wafanyakazi
TAREHE: 9 Machi 2026

YAH: PENDEKEZO LA LIKIZO YA AFYA YA HEDHI, MAJARIBIO YA MIEZI 12 KUANZIA 1 JUNI 2026

Tunaomba kibali cha kuanzisha likizo yenye malipo kamili kwa wafanyakazi wanaopata maumivu ya hedhi yanayowazuia kufanya kazi, na kwa wenye endometriosisi au hali zinazofanana nayo. Likizo hii itakuwa na hesabu yake, isipunguze likizo ya mwaka wala ya ugonjwa.

Kwa nini utaratibu wa sasa haufai

Kanuni zetu zinadai cheti cha daktari tangu siku ya kwanza ya kukosekana kazini. Kwa malaria au mguu uliovunjika hilo halina shida. Kwa maumivu ya hedhi halina maana: mara nyingi huanza damu inapotoka au saa chache kabla, hufikia kilele siku ya kwanza, na huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Mgonjwa anayejikunja kwa tumbo na kutapika alfajiri anatakiwa apange foleni kliniki, na akifika mbele ya daktari pengine hakuna cha kupima. Anarudi na cheti cha "homa" au hana kitu.

Jambo la pili ni posho ya mahudhurio kamili. Siku moja ya kukosekana, hata yenye cheti, inaifuta posho ya mwezi mzima. Kwa mtu wa ufungashaji huo ni uamuzi rahisi: anameza dawa na kuja. Anasimama kwenye mkanda kwa muda wa saa 8, anafunga masanduku kwa mwendo wa nusu, na kosa la lebo tunaligundua mzigo ukishaondoka.

Utafiti uliofanywa Uholanzi kwa wanawake 32,748 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha sura hiyo hiyo. Kwa wastani kila mmoja alikosa kazi siku 1.3 kwa mwaka kwa sababu ya hedhi, lakini tija iliyopotea akiwa kazini ililingana na siku 8.9. Na kati ya walioomba ruhusa ya ugonjwa, ni mmoja tu kati ya watano aliyesema sababu halisi. Kwa hiyo hasara tunayoiogopa tayari tunailipa, ila haina safu kwenye daftari.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi

Maumivu ya kawaida ya hedhi husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoufanya mfuko wa uzazi ubanebane ili kutoa utando wake. Zikizidi huleta pia kichefuchefu, kuharisha na kuumwa kichwa. Dawa kama ibuprofeni huzuia kutengenezwa kwake, ndiyo maana hufanya kazi vizuri zikinywewa mapema. Anayesubiri mpaka mapumziko ya saa sita amekwisha kuchelewa. Tena si kila mtu anaruhusiwa kuzinywa, mwenye vidonda vya tumbo kwa mfano. Tusijenge sera juu ya dhana kwamba "kidonge kinatosha".

Endometriosisi ni kitu kingine. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, mirija, utumbo au kibofu. Huleta uvimbe na makovu, na maumivu yake hayasubiri siku za damu. Yanaweza kuja katikati ya mzunguko, wakati wa haja kubwa au kukojoa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa, karibu milioni 190. Haina tiba ya kuimaliza kabisa, na wengi huumwa miaka kadhaa kabla ya kuambiwa wana nini. Hali za jirani, kama adenomiosisi na uvimbe kwenye kizazi, huleta usumbufu unaofanana, nazo tunaziingiza.

Tunachopendekeza

*Daraja la Kwanza: bila cheti.* Hadi siku 8 kwa mwaka, zisizozidi 2 mfululizo, kwa mfanyakazi yeyote anayepata hedhi, wakiwemo wa mkataba na walio kwenye majaribio. Inachukuliwa siku nzima au nusu siku. Tumechagua 8, wala si 12, kwa sababu si kila mzunguko huwa mkali. Ambaye kila mwezi ni mkali anahitaji daktari na Daraja la Pili.

*Daraja la Pili: kwa cheti.* Hadi siku 18 kwa mwaka badala ya zile 8, zisizozidi 3 mfululizo. Cheti kitadumu miezi 12 na kitasema jambo moja: mhusika ana hali sugu inayoweza kumzuia kufanya kazi siku kadhaa kila mzunguko. Jina la ugonjwa halihitajiki. Wala tusidai uthibitisho wa upasuaji wa kamera. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umeacha kuuchukulia kuwa kipimo cha lazima, na daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili na picha. Siku za daraja hili hazifungwi na tarehe za damu, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Kupona baada ya upasuaji kunabaki kwenye likizo ya kawaida ya ugonjwa.

Anayetumia siku 4 za Daraja la Kwanza ndani ya miezi 6 ataalikwa kumwona daktari kwa gharama ya kampuni. Ni mwaliko. Akikataa hapotezi siku zake zilizobaki.

Kufanya kazi kutoka nyumbani kunaweza kuombwa na mfanyakazi, lakini mkuu wa kitengo haruhusiwi kutoa ruhusa hiyo kama mbadala wa likizo. Anayeumwa nyumbani bado anaumwa.

Namna ya kuomba

Mfanyakazi atatuma ujumbe kwa namba ya zamu ya Rasilimali Watu kabla kazi haijaanza, au isizidi saa 1 baada ya kuanza: "Likizo ya afya, siku 1." Basi. Rasilimali Watu itamjulisha msimamizi kuwa fulani hayupo kwa likizo halali, bila kutaja aina. Aliyezidiwa katikati ya zamu anaondoka. Akiwa amefanya kazi saa 4 au zaidi tunahesabu nusu siku, pungufu ya hapo siku nzima.

Karatasi ya mahudhurio iliyobandikwa mlangoni pa ufungashaji ina safu ya "Sababu", na kila apitaye anaisoma, pamoja na madereva wa nje. Safu hiyo iondolewe kabla ya tarehe 1 Juni. Ikibaki, sera yote hii itakufa kimya kimya. Kwenye hati ya mshahara likizo hii itaandikwa LA, herufi zile zile zitakazotumika kwa miadi ya hospitali na kuchangia damu, ili herufi zenyewe zisimtangaze mtu.

Kwa ufungashaji tunaomba orodha ya akiba ya watu 2 kwa kila zamu, wenye posho ya kusubiri. Bila hiyo wenzake na aliye likizo ndio watakaobeba kazi, na baada ya miezi miwili manung'uniko yatamzuia asiombe kuliko kanuni yoyote.

Kinga dhidi ya matumizi mabaya, na dhidi yetu wenyewe

Hofu ya kwanza kikaoni itakuwa udanganyifu. Japani imekuwa na haki hii kisheria tangu 1947, na uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2020 ulikuta chini ya asilimia 1 ya wanaostahili wameitumia. Sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kulipa, na wengi huona haya kumwomba bosi wa kiume. Zambia inatoa siku moja kwa mwezi bila cheti. Hispania, tangu Juni 2023, inalipa kupitia hifadhi ya jamii tangu siku ya kwanza, ila kwa uthibitisho wa daktari. Madaraja yetu mawili yanachukua kitu kutoka kila upande.

Siku ambazo hazijatumika hazihamishwi mwaka unaofuata wala kulipwa fedha. Mwenendo usio wa kawaida utaangaliwa na Rasilimali Watu pekee. Na tuwe waangalifu hapa: mzunguko wa siku 28 ni wiki 4 kamili, kwa hiyo aliyeumwa Jumatatu anaweza kuumwa Jumatatu tena na tena. "Kila mara ni Jumatatu" si ushahidi wa uongo. Ni marufuku pia kumdai mtu tarehe za hedhi au kumbukumbu ya simu yake.

Hatari kubwa zaidi ni wakuu wa vitengo kuanza kukwepa kuajiri wanawake. Tunapendekeza gharama ya likizo hii itoke kwenye bajeti kuu, isikatwe kwenye kitengo; maswali ya hedhi, ujauzito au uzazi yapigwe marufuku kwenye usaili; na siku za LA zisiingie kwenye tathmini ya utendaji, upandishaji cheo wala posho ya mahudhurio. Hili la posho ndilo moyo wa pendekezo. Likikataliwa, afadhali tusianzishe sera kabisa kuliko kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Vyeti vitawekwa kwenye faili tofauti linalofunguliwa na maafisa 2 tu. Ripoti kwa Menejimenti itakuwa ya jumla, na kitengo chenye watumiaji chini ya 5 hakitatajwa peke yake.

Kanuni hii haigeuzi wasimamizi kuwa wauguzi. Hata hivyo mtu aliyezimia, mwenye homa, mwenye maumivu ya ghafla asiyowahi kuyapata, au anayelowesha pedi kila saa asiachwe aende nyumbani peke yake. Huduma ya kwanza iitwe na apelekwe hospitali. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuanza hivyo hivyo.

Gharama

Tuna wafanyakazi wanawake 96. Tukichukua kuwa 10 watatumia siku zote 18 za Daraja la Pili, na 86 waliobaki watatumia wastani wa siku 2, jumla ni siku 352. Kwa siku 220 za kazi kwa mwaka, hizo ni asilimia 1.7 ya siku zao za kazi. Ni makadirio ya juu, na sehemu yake si gharama mpya, kwani baadhi ya siku hizo leo zinachukuliwa kwa majina mengine. Posho ya akiba ya ufungashaji itaongezwa juu ya hapo; Uhasibu wataleta hesabu yake kabla ya kikao.

Maamuzi tunayoomba kikao cha 23 Machi

1. Kuridhia majaribio ya miezi 12 na madaraja yote mawili.
2. Kuondoa LA kwenye masharti ya posho ya mahudhurio kamili.
3. Kuidhinisha orodha ya akiba na bajeti kuu kubeba gharama.
4. Kuagiza mafunzo ya saa 2 kwa wasimamizi wote mwezi Mei, yakihusu hasa wasichoruhusiwa kuuliza.

Tathmini ya kati itafanyika Desemba 2026. Tutaangalia siku zilizotumika, makosa ya lebo kwenye ufungashaji, na majibu ya dodoso lisilo na majina. Matumizi yakiwa karibu na sifuri, tutachunguza kwanza nini kinawazuia watu kuomba kabla ya kusema hakuna mhitaji.

Mwenyekiti, Kamati ya Afya na Usalama Kazini
Meneja wa Rasilimali Watu